Stripu inasema hakuna damu, hadubini inaonyesha damu: kutatua kipimo cha mkojo msimu wa mabibo

Ubishi mkubwa kwenye meza ya mkojo hutokea pale stripu na hadubini zinapopingana kuhusu damu. Pedi ya damu imebaki na rangi yake ya njano, lakini kwenye slaidi seli nyekundu zimejaa. Au pedi imekuwa ya kijani iliyokolea, na slaidi haina hata seli moja. Wengi wetu humaliza ubishi kwa kuchagua upande mmoja tunaouamini na kuufuta mwingine kwenye fomu. Hapo ndipo mgonjwa anapopotea, kwa sababu majibu yote mawili huwa ni ya kweli. Kila kimoja kimepima kitu chake, na tofauti iliyopo kati yao ina sababu inayotafutika.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa maabara za Mtwara na Lindi, maana huku tuna mambo mawili yanayoufanya ubishi huu utokee mara nyingi. La kwanza ni kichocho, ambacho kimetuzoesha kuona damu kwenye mkojo wa mtoto na kuhitimisha kabla ya kutazama vizuri. La pili ni mabibo. Tangu korosho zinapoanza kudondoka mpaka mwisho wa mwaka, watu wanayafyonza shambani, wanakunywa maji yake na wengine wanakunywa uraka. Bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na vitamini C isiyohitajika mwilini hutoka kwenye mkojo. Ikifika huko inaharibu kazi ya pedi ya damu.

Pedi ya damu inafanya nini hasa

Pedi hii haioni seli. Inachoona ni kazi ya kikemia ya himu, ile sehemu ya himoglobini yenye chuma. Ndani ya pedi kuna peroksaidi ya kikaboni na kemikali isiyo na rangi inayoitwa tetramethilibenzidini. Himu inapofika pale inaivunja peroksaidi na oksijeni yake inaigeuza ile kemikali kuwa ya kijani-buluu. Seli nyekundu nzima zikigusa pedi hupasuka papo hapo, kila moja inaacha doa lake, ndiyo maana damu kidogo yenye seli nzima huonekana kama vidoadoa. Himoglobini iliyokwisha kutoka kwenye seli hutoa rangi ya sare pedi nzima. Ukizoea kutazama tofauti hiyo kabla ya sekunde 60 kuisha, umeshapata nusu ya jibu bila gharama.

Vitamini C ina tabia ya kupokea oksijeni haraka kuliko tetramethilibenzidini. Ikiwa nyingi kwenye mkojo, inaila oksijeni ile kabla rangi haijatokea. Himu ipo, peroksaidi imevunjika, ila hakuna kinachoonekana. Pedi ya glukozi inatumia njia inayofanana: kimeng'enya kinatengeneza peroksaidi kutokana na sukari, kisha rangi inatokea. Kwa hiyo nayo hupigwa vilevile. Pedi za naitraiti na bilirubini hudhoofika pia, kwa njia yake. Protini, pH na uzito wa mkojo haziguswi, kwa sababu hazitegemei oksijeni kuhama.

Mgawanyo huu ni wa kukumbukwa, kwa sababu ndio unaokuonyesha dalili ya kwanza ya tatizo: protini iko juu, uzito wa mkojo uko juu, mkojo wenyewe kwa macho ni mwekundu au wa kahawia, halafu pedi ya damu imetulia. Stripu iliyoharibika kwa unyevu haichagui hivyo. Ile huharibu ovyo.

Baadhi ya watengenezaji wameweka iodeti kwenye pedi ya damu ili iimalize vitamini C kabla haijaleta madhara, na baadhi ya stripu zina pedi ya ziada inayoonyesha askobiki. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi la stripu unazotumia wewe. Mzigo wa mwaka huu unaweza usiwe wa mtengenezaji yule yule wa mwaka jana.

Kisa: mvulana wa miaka minane, mwezi wa Novemba

Mtoto ameletwa na mama yake kutoka upande wa Tandahimba. Uso umevimba tangu juzi, hasa akiamka, na anakojoa kidogo. Fomu imeandikwa "kichocho?" na ombi ni mkojo kamili. Mkojo una rangi ya chai ya rangi na una ukungu kidogo.

Stripu imesomeka hivi: protini ++, uzito 1.025, pH 5.5, damu alama hafifu tu, lukosaiti alama hafifu, naitraiti hasi, glukozi hasi.

Kwa rangi ile ya mkojo, damu hafifu haiingii akilini. Kabla ya kumlaumu yeyote, kuna sababu za kawaida za kuondoa kwanza, na ya kwanza ni uvivu wa mkono. Seli nyekundu huzama. Kikopo kikikaa robo saa bila kutikiswa, sehemu ya juu inabaki na seli chache na stripu inachovya hapo hapo. Kikopo kilipinduliwa taratibu mara kadhaa, stripu mpya ikachovywa kwa sekunde moja, ukingo wake ukapanguswa kwenye mdomo wa kikopo, ikashikwa ikiwa imelala ili maji ya pedi moja yasiingie nyingine. Jibu likawa lile lile.

Sababu ya pili ni uzito wa mkojo. Kwenye mkojo mzito sana seli hazipasuki kirahisi kwenye pedi na rangi hupungua. Lakini 1.025 hauwezi kuficha damu nyingi namna hii. Unapunguza tu.

Sasa mashapo. Mililita 10 za mkojo uliochanganywa ziliwekwa kwenye tyubu ya koni na kuzungushwa dakika 5 kwa nguvu ya 400 g. Kwa mashine ambayo urefu kutoka katikati hadi ncha ya tyubu ni sentimita 16, hiyo ni takriban mizunguko 1,500 kwa dakika. Pima urefu wa mashine yako kwa rula, usichukue namba ya jirani. Ukizungusha kwa kasi ya kutenganisha damu, kasti zinavunjika na utabaki na vipande visivyosomeka. Maji ya juu yalimwagwa kwenye tyubu nyingine (usiyatupe, yatahitajika), ikabaki nusu mililita, ikachanganywa kwa kuguswa-guswa kwa kidole, tone moja likawekwa kwenye slaidi na kufunikwa.

Kwenye lenzi ya 40 zilionekana seli 25 hadi 30 kwa kila uwanja, zikionekana nyekundu. Hapa ndipo penye mtego wa pili. Hamira, matone ya mafuta, na kristali za kalsiamu oksaleti za umbo la yai zote zinaweza kudanganya jicho lililochoka. Weka tone la asidi ya asetiki ya asilimia 2 kwenye ukingo wa kifuniko na uiache ivutwe ndani huku ukitazama. Seli nyekundu zinapasuka na kutoweka mbele ya macho yako. Hamira inabaki, oksaleti inabaki, mafuta yanabaki. Kwa mtoto huyu zilitoweka karibu zote, zikabaki kristali chache za mraba wenye msalaba katikati, ambazo ni oksaleti ile ya kawaida.

Seli ni za kweli, basi. Je, stripu ni nzima?

Kuitia stripu mtihani

Maabara ndogo haihitaji kusubiri kidhibiti cha kununuliwa kwa swali hili. Chukua mikrolita 50 za damu ya EDTA iliyobaki kwenye kipimo cha mtu mwenye damu ya kutosha, uiweke kwenye mililita 500 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Kama damu ile ina seli milioni 5 kwa mikrolita, sasa una seli kama 500 kwa mikrolita. Chukua sehemu moja ya hiyo, ongeza sehemu nne za maji ya chumvi, unabaki na seli kama 100. Hicho ni kidhibiti chako cha leo. Kesho tengeneza kingine.

Kisha andaa tyubu mbili. Ya kwanza weka kidhibiti na maji ya chumvi kiasi sawa. Ya pili weka kidhibiti na yale maji ya juu ya mkojo wa mgonjwa, kiasi sawa. Chovya stripu mbili za kopo moja, kwa wakati mmoja.

Tyubu ya kwanza ilitoa damu ++. Stripu ni nzima. Tyubu ya pili, ambayo ina seli zile zile za kidhibiti na juu yake chochote kilichobaki kwenye mkojo wa mgonjwa, ilitoa alama hafifu. Haiwezekani kuongeza kitu juu ya seli 50 ukapata pungufu, isipokuwa kile ulichoongeza kinazuia rangi. Hapo kizuizi kimethibitika kuwa kimo ndani ya mkojo wenyewe.

Mtihani huu una mpaka wake. Kwa kuchanganya nusu kwa nusu umekipunguza kizuizi pia, hivyo kizuizi kidogo kinaweza kujificha. Ukipata ++ kwenye tyubu zote mbili, hujathibitisha kwamba mkojo hauna vitamini C kabisa. Ukipata tofauti kubwa, ndiyo, umethibitisha kuna kitu.

Lililobaki lilikuwa kumuuliza mama.

"Mama, jana na leo mtoto amekula nini?"

"Ugali, daktari. Hana hamu ya chakula. Ila mabibo anafyonza tu, maana tuko shambani tunaokota, na yeye hatumwachi nyumbani."

"Na dawa yoyote amepewa?"

"Dukani walitupa vidonge vya vitamini, vile vya kutafuna."

Vidonge vya kutafuna vya dukani mara nyingi ni vitamini C tupu. Mabibo pamoja na vidonge: pedi ya damu haikuwa na nafasi.

Damu inatoka wapi: kasti inavyojibu

Tungeweza kuishia hapo, tuandike "seli nyekundu 25 hadi 30" na mtoto aende akapewe prazikwanteli. Huku kwetu hilo lingeonekana jibu la busara. Lakini uso uliovimba na protini ++ ni vya kuulizwa, na jibu lake liko kwenye lenzi ya 10, siyo ya 40.

Kasti ni umbo la mrija wa figo uliojaa. Protini inayotolewa na seli za mrija, ambayo wataalamu huiita protini ya Tamm-Horsfall, huganda ndani ya mrija na kunasa chochote kinachopita, kisha husukumwa hadi kwenye mkojo. Kwa hiyo seli nyekundu iliyonaswa ndani ya kasti lazima ilikuwa tayari imo ndani ya figo. Damu ya kibofu, ya mkojo wa kichocho, ya jiwe lililo kwenye mrija wa chini, au ya hedhi haina namna ya kuingia humo.

Kuziona kunahitaji mwanga mdogo. Shusha kondensa, funga diaframu mpaka uwanja uwe wa kijivu. Kasti za hialini zina mng'ao unaokaribiana na maji yenyewe, na taa kali inazifuta kabisa. Anza kwenye kingo nne za kifuniko, kwa sababu kasti husukumwa huko tone linapotandazwa. Anayetazama katikati peke yake na kuandika "hakuna kasti" hajazitafuta.

Kwenye slaidi ya mtoto huyu, ukingo wa kushoto, palikuwa na kitu kirefu chenye pande mbili zilizonyooka sambamba, ncha moja ya duara na nyingine imekatika, rangi ya machungwa iliyofifia, ndani kumejaa viduara vidogo. Swali la haki ni kama hiyo ni kasti au ni seli zilizojishikiza kwenye uzi wa ute. Ute hauna pande sambamba, huchongoka na kupinda-pinda, na seli hukaa juu yake. Kwenda lenzi ya 40 na kuzungusha skrubu ya fokasi juu na chini kunaonyesha kama seli ziko kwenye tabaka zote za kile kitu au juu peke yake. Kisha gusa ukingo wa kifuniko taratibu kwa ncha ya penseli. Kasti inabiringika mzima mzima na seli zake zinabiringika nayo. Hii ilibiringika. Kulikuwa na nyingine mbili za aina hiyo, na kasti za chembechembe kadhaa.

Seli zilizokuwa nje ya kasti nazo zilikuwa na la kusema. Nyingi hazikuwa za duara. Zilikuwa na vinundu vilivyotokeza pembeni, saizi mbalimbali. Seli zikipita kwa nguvu kwenye chujio la figo lililoumia hutoka zikiwa zimeharibika sura hivyo. Seli za kichocho hutoka zikiwa na umbo lake.

Fomu ilirudi imeandikwa: seli nyekundu 25 hadi 30 kwa uwanja, nyingi zikiwa zimepotoka umbo, kasti za seli nyekundu zimeonekana, mayai ya kichocho hayakuonekana kwenye sampuli hii, pedi ya damu imezuiwa na kitu kilichomo kwenye mkojo, yumkini vitamini C, isitegemewe. Na kabla fomu haijafika, mwenye zamu aliarifiwa kwa mdomo, kwa sababu mtoto mwenye kasti za seli nyekundu na uso uliovimba anatakiwa apimwe shinikizo la damu sasa hivi. Hakuna haja ya kusubiri sampuli ya pili ndipo hilo lifanyike. Daktari alipomvua shati alikuta makovu mapya ya upele uliotunga usaha, wa majuma machache yaliyopita. Uvimbe wa chujio za figo unaofuata maambukizi ya streptokokasi ya ngozi huja takriban wiki tatu hadi sita baadaye, na hesabu iliingia humo.

Mabibo na vidonge vilisimamishwa. Sampuli iliyochukuliwa baada ya zaidi ya saa 24 ilitoa damu +++ kwenye stripu za kopo lile lile. Siku hiyo hiyo ilichukuliwa na ya mchana, kwa ajili ya mayai, kwa kuwa mtoto wa huku anaweza kuwa na figo iliyoumia na kichocho kwa pamoja, na kupata kimoja hakufuti kingine. Mayai yanatoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati kasti hupatikana vizuri kwenye mkojo wa kwanza wa asubuhi, ambao ni mzito na wenye asidi. Ukimwomba mgonjwa sampuli moja ijibu maswali yote mawili, utapunguza uwezo wa kujibu mojawapo.

Jambo hili lina uzito zaidi ya mtoto mmoja. Kwenye upimaji wa kichocho mashuleni pedi ya damu hutumika kama kiashiria. Ukiangukia Oktoba au Novemba kwenye kijiji cha korosho, watoto waliotoka kufyonza mabibo watatoka hasi huku wana mayai. Ukiwa na nafasi ya kuchagua mwezi, chagua mwingine. Ukikosa, chuja mkojo na utazame. Na kwa mgonjwa wa kisukari, glukozi hasi kwenye mkojo msimu huo isikupe faraja yoyote; pima damu.

Dalili ya pili: pedi ni kijani kabisa, slaidi haina seli

Hapa swali linageuka: seli zimekwenda wapi, au pedi imeona kitu gani kingine?

Sababu inayoongoza kwetu ni safari. Mkojo umetolewa zahanati saa mbili asubuhi, umefika kwa bodaboda saa saba, kikopo kikiwa na joto la mfukoni. Bakteria wameshavunja urea kuwa amonia na pH imepanda juu ya 7. Kwenye mkojo wa namna hiyo, au kwenye mkojo mwepesi ulio chini ya 1.010, seli nyekundu huvimba na kupasuka. Himoglobini inabaki majini na pedi inaiona vizuri sana. Tazama pH na uzito kwenye stripu ile ile kabla hujafikiria mbali. Ukitazama kwa mwanga mdogo utaona pia vivuli vya seli, viduara vitupu visivyo na rangi.

Mkojo huo uliochelewa unaleta hitilafu tatu kwa mpigo, na ni vizuri kuzitambua kama jambo moja. Pedi ya protini inafanya kazi kwa rangi inayobadilika protini inapoigusa ikiwa asidi ya pedi imeshikiliwa kwenye pH 3. Amonia ikizidi, asidi ile inashindwa na pedi inageuka kijani hata kama protini haipo. Kasti nazo huyeyuka kwenye mkojo wa alkali. Kwa hiyo unapata protini iliyopanda kwa uongo, kasti zilizotoweka kwa kweli, na damu isiyo na seli. Anayezisoma moja moja ataandika ugonjwa. Ukiona pH ya 8 au zaidi, thibitisha protini kwa kuchanganya mililita 3 za mkojo wa juu uliozungushwa na mililita 3 za asidi ya salfosalisiliki ya asilimia 3: ukungu ni protini, maji safi ni uongo wa pedi. Kisha omba mkojo mpya, utazamwe ndani ya saa moja, au mbili zikizidi sana.

Kama mkojo ni mpya, pH ni 6 na uzito ni wa kutosha, zungusha tyubu. Chini pakikusanyika wekundu na juu pakawa safi, seli zipo na hukuzitafuta vya kutosha. Maji ya juu yakibaki mekundu au ya kahawia, ni himoglobini au mayoglobini. Chukua damu ya mgonjwa na utazame plazima yake: ikiwa ya waridi, seli zinapasukia ndani ya mishipa, na hapo malaria kali, selimundu na upungufu wa G6PD huingia kwenye maswali ya daktari. Ikiwa plazima ni safi, fikiria misuli iliyoharibika.

Na usisahau chombo. Chupa iliyooshwa nyumbani kwa jiki na kusuuzwa nusu nusu hutosha kuigeuza pedi ya damu na ya glukozi, maana klorini inafanya kazi ya himu bila himu. Pedi zote mbili zikiwa chanya bila maelezo, badilisha kikopo kwanza.

Dalili ya tatu: stripu zenyewe zimeanza kusema ovyo

Unyevu wa pwani ya kusini hauna huruma na kopo lililoachwa wazi. Dalili ya mapema huonekana kwenye pedi ya naitraiti, ambayo hupata uwaridi kwa hewa tu. Chovya stripu moja kwenye maji yaliyokenekwa: naitraiti, damu na glukozi lazima zibaki hasi. Naitraiti ikionyesha uwaridi, kopo hilo limekwisha hata kama tarehe yake bado. Usihamishie stripu kwenye kopo jingine, usiondoe kile kifuko cha kunyonya unyevu, na usiweke kopo kwenye jokofu halafu ukalifungua likiwa baridi, kwa sababu jasho la hewa litaganda ndani yake.

Dalili ya nne: uwanja wote umejaa kristali, hauoni kitu kingine

Mara nyingi hili ni tatizo la jokofu, siyo la mgonjwa. Mkojo wa asidi ukipoa, urati zisizo na umbo hushuka zikiwa mchanga wa waridi na kufunika seli na kasti zote. Pasha tyubu hadi nyuzi 60 na zitayeyuka, ila fanya hivyo kwa sehemu ya sampuli tu, kwa sababu joto hilo linaharibu seli. Kwenye mkojo wa alkali mchanga huo ni fosfati. Joto haliuyeyushi, tone la asidi ya asetiki linauyeyusha. Kumbuka asidi hiyo hiyo inazipasua seli nyekundu, kwa hiyo hesabu seli kwenye slaidi nyingine.

Oksaleti chache, kwa mtu anayekula korosho na mabibo, hazina uzito wowote zikiwa peke yake. Zinazostahili simu kwa daktari ni mbili. Kristali za pembe sita zilizo bapa na zisizo na rangi, kwenye mkojo wa asidi, ni sistini, na mtu mwenye afya hazitoi. Nyingine ni mafungu ya sindano za rangi ya kahawia kwa mgonjwa anayetumia kotrimoksazoli na anayekojoa kidogo. Dawa inaganda kwenye figo, na ukipata pamoja nazo kasti za chembechembe za kahawia, muda wa kuongeza maji na kubadilisha dawa unahesabiwa kwa saa.